Kusoma Kilima Kwenye Karatasi

Ukitembea ufukweni mwa Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Bukoba, ukavuka mpaka kwenda Entebbe na Jinja, ukarudi kupitia Kisumu na Musoma, utakuwa umepita katika nchi tatu bila kupanda wala kushuka. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyotulia hayana upande wa juu na wa chini. Kwa hiyo ukingo wa ziwa ni mstari mmoja mrefu unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Mstari wa namna hiyo ndio unaoitwa kontua. Ziwa limetuchorea mmoja, na wapima ramani wametuchorea mingine yote.

Sasa fikiria ziwa hilo limepanda mita 20. Maji yangeingia mabondeni kama vidole virefu, yangezunguka vilima na kuvigeuza visiwa, na palipo na mwambao wa miamba mikali yasingesogea sana. Ukichora ukingo mpya, umepata kontua ya pili. Endelea hivyo, mita 20 kwa mita 20, na kwenye karatasi utakuwa na mafungu ya mistari inayojipinda, inayokaribiana hapa na kuachana pale. Kila kinachoulizwa katika mtihani wa usomaji wa ramani kuhusu kontua kinatokana na picha hii. Mstari unakwambia kimo pale ulipopita tu, na ardhi iliyo kati ya mstari mmoja na mwingine ni juu yako kuifikiria.

Nimewafundisha wanafunzi wa sekondari somo hili, na nimeona kwamba wengi hawashindwi hesabu. Wanashindwa kuona ardhi. Wanajua kanuni ya kugawa namba moja kwa nyingine, lakini wakiulizwa kama kilima kina mteremko mkali upande wa mashariki au wa magharibi, wanatazama namba badala ya kutazama nafasi iliyo kati ya mistari. Kwa hiyo badala ya kupita juu juu kwenye maswali yote, tuchukue mstari mmoja tu kwenye ramani, tuutembee kutoka mwanzo hadi mwisho, na tuone unavyoweza kutupa majibu.

Ramani yetu ni ya mazoezi, lakini vipimo vyake ni vile vile vya karatasi nyingi za topografia za Kenya na Tanzania: skeli ya 1:50,000, na kontua zinazopishana kwa mita 20. Hiyo mita 20 ndiyo mwachano wima, yaani tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata. Itafute pembeni mwa ramani kabla ya kufanya lolote, kwa sababu baadhi ya karatasi za zamani zilichorwa kwa futi, na mtu akizisoma kama mita anajenga milima ambayo haipo. Skeli nayo inasema kwamba sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za ardhi, yaani milimita 1 ni mita 50. Liweke hilo akilini. Ncha ya penseli iliyochakaa, yenye unene wa nusu milimita, imefunika mita 25 za ardhi.

Kwenye ramani hii kuna nukta A upande wa magharibi na nukta B upande wa mashariki. Mstari unaoziunganisha unapanda kilima, unafika kileleni, unashuka hadi mtoni, kisha unapanda tena kidogo hadi B. Urefu wake kwa rula ni milimita 108, yaani kilomita 5.4.

Tuanze na A yenyewe, kwa sababu haipo juu ya kontua yoyote. Upande mmoja ina kontua ya 1,240 na upande mwingine ya 1,260. Kabla ya kukadiria, hakikisha namba umezisoma sawasawa. Si kila kontua imeandikwa namba. Kwa kawaida kila ya tano huchorwa kwa wino mzito, na kwenye ramani yetu hizo ni za 1,200, 1,300 na kadhalika. Ukiipata moja nzito yenye namba, hesabu kutoka hapo kwa hatua za 20. Lakini unahesabu kwenda juu au kwenda chini? Tazama mito, kwani mto huwa chini ya ardhi iliyo kando yake. Tazama pia namba zenyewe, kwani kwa kawaida huandikwa vichwa vyake vikielekea upande wa juu wa mlima.

Kukadiria kimo cha A, chora mstari mfupi kadiri inavyowezekana unaopita A na kugusa kontua zote mbili. Tuseme una urefu wa milimita 10, na A iko milimita 4 kutoka kontua ya 1,240. A basi imekwisha kusafiri sehemu nne kati ya kumi za njia ya kupanda mita 20. Nne ya kumi ya 20 ni 8. Kimo cha A ni takriban mita 1,248.

Neno “takriban” lina kazi hapo. Hesabu hiyo imechukulia kwamba ardhi kati ya mistari miwili imenyooka kama ubao uliolazwa, na ardhi haijatuahidi hivyo. Inawezekana pana tuta, au shimo, au ukingo mdogo wenye kina cha mita 7, na kontua zisiseme lolote kwa sababu halikufika mita 20. Aidha, kontua yenyewe ina kosa lake. Kanuni za usahihi wa ramani za Marekani za mwaka 1947, ambazo zimetumiwa sana kama kipimo, zilitaka angalau asilimia 90 ya nukta zinazopimwa ziwe na kosa lisilozidi nusu ya mwachano wima. Kwa ramani yenye mwachano wa mita 20, nusu hiyo ni mita 10. Mwanafunzi anayeandika kwamba A iko mita 1,248.3 amedai kujua jambo ambalo ramani haikumwambia. Aandike takriban 1,248, na mtahini mwenye busara atakubali hata 1,247 au 1,250.

Kazi hii ya kukadiria kati ya kimo na kimo ni ndugu wa karibu sana wa kontua zenyewe. Mwaka 1774, Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Uingereza, alikwenda kwenye mlima wa Schiehallion huko Uskochi kupima jinsi mlima unavyoivuta timazi iache kuning'inia wima kabisa. Alitaka kutumia mvuto huo kukadiria uzito wa dunia. Ili hesabu ikamilike ilibidi umbo la mlima lijulikane, na mtaalamu wa hisabati Charles Hutton akakabidhiwa vipimo vingi mno vya vimo vya nukta zilizotawanyika mlimani. Zikiwa namba tupu juu ya karatasi, hazikumwonyesha umbo. Hutton akaunganisha kwa penseli nukta zenye kimo sawa, na mara mlima ukajitokeza. Kisha, akiitumia mistari hiyo, aliweza kukadiria kimo cha mahali ambapo hapakuwa na kipimo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1778. Walikuwapo waliochora mistari ya kina cha maji kabla yake. Lakini alichokifanya Hutton kwenye meza yake ndicho hasa anachofanya mwanafunzi anayetafuta kimo cha nukta A.

Sasa tuupande mlima. Kutoka A, mstari wetu unaikata kontua ya 1,260 kwenye milimita 9, ya 1,280 kwenye 20, ya 1,300 kwenye 27, ya 1,320 kwenye 32, ya 1,340 kwenye 36, ya 1,360 kwenye 39 na ya 1,380 kwenye 42. Kisha kwenye milimita 45 pana kitone chenye namba 1,393. Hicho ni kimo kilichopimwa mahali pake, na hapa ndipo kilele. Kisingekuwapo kitone hicho, ungeweza kusema tu kwamba kilele kimezidi mita 1,380 lakini hakijafika 1,400, kwa sababu kingefika, pangekuwa na duara jingine ndani ya lile la 1,380.

Soma tena namba hizo za milimita bila kujali vimo. Nafasi kati ya kontua na kontua ni 11, 7, 5, 4, 3, 3. Inapungua kadiri tunavyopanda. Kila nafasi ina maana ile ile ya mita 20 za kupanda, kwa hiyo pale nafasi ni finyu unapanda mita 20 ndani ya hatua chache, na pale ni pana unapanda mita hizo hizo kwa mwendo mrefu. Mteremko ni wa taratibu chini, na mkali juu. Umbo la namna hii huitwa mteremko mbonyeo, kwa sababu katikati pamebonyea kuelekea ndani ya mlima. Hujahitaji kikokotoo kulijua hilo.

Swali likitaka namba, tumia uwiano wa mwinamo: mita ulizopanda kwa mita ulizosogea. Kutoka A hadi kileleni umepanda 1,393 kutoa 1,248, yaani mita 145. Umesogea milimita 45 za ramani, ambazo ni mita 2,250. Gawa 2,250 kwa 145, unapata karibu 15.5. Mwinamo ni 1:15.5, maana yake unapanda mita 1 kwa kila mita 15 na nusu unazosogea mbele. Kwa asilimia ni kama 6.4.

Makosa mengi huzaliwa hapa, na karibu yote ni ya vipimo. Mtu anagawa sentimita kwa mita, au kilomita kwa mita, na kupata uwiano wa ajabu. Jibu la 1:0.3 lina maana ya kwamba unapanda mita 1 kwa kila sentimita 30, yaani karibu ukuta. Ramani yako ikionyesha barabara na mashamba mahali hapo, rudi ukaangalie vipimo.

Wengine huuliza kama umbali wa mita 2,250 ni sahihi, maana mtu anayepanda hatembei chini ya mlima, anatembea juu ya mgongo wake. Swali ni zuri. Umbali wa ramani ni umbali wa mlalo, kana kwamba umeutazama mlima kutoka juu kabisa. Lakini kwa mwinamo wetu, njia ya mgongoni ingekuwa na mita 2,255 hivi, tofauti isiyofika mita 5. Kwenye ramani hiyo ni kiasi cha kumi moja ya milimita, ambayo rula yako haiwezi kuiona.

Kitu kingine kina uzito zaidi. Uwiano wa 1:15.5 ni wastani, na wastani umeficha kile ambacho nafasi za mistari zilikuwa zimetuonyesha. Pima sehemu ya chini peke yake, kutoka kontua ya 1,260 hadi ya 1,280. Ni mita 20 kwa milimita 11, yaani mita 550 za ardhi, na mwinamo ni 1:27.5. Kisha pima juu, kutoka 1,340 hadi 1,380. Ni mita 40 kwa milimita 6, yaani mita 300, na mwinamo ni 1:7.5. Mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia la viazi atazijua tofauti hizo kwa magoti yake. Ndiyo maana swali likisema “eleza mteremko kutoka A hadi kileleni”, jibu la namba moja halitoshi. Sema unaanza kwa upole na kuishia kwa ukali, kisha toa namba mbili.

Na mwelekeo ni muhimu. Ukali kamili wa mteremko huonekana unapozikata kontua kwa pembe mraba. Njia inayozikata kwa mshazari inapanda mita zile zile kwa umbali mrefu zaidi, na hivyo ndivyo barabara za milimani zinavyojengwa. Pale juu, kutoka 1,320 hadi 1,380, mstari wetu umepanda mita 60 kwa mita 500, sawa na 1:8.3. Barabara inayozungukazunguka ikifika hapo hapo kwa kilomita 2 ina mwinamo wa kiasi cha 1:33, na lori lililojaa linaweza kuumudu. Mlima umebaki ule ule.

Tushuke upande wa mashariki. Kontua ya 1,380 tunaikuta tena kwenye milimita 54, ya 1,360 kwenye 64, ya 1,340 kwenye 72, ya 1,320 kwenye 77, ya 1,300 kwenye 81 na ya 1,280 kwenye 84. Nafasi sasa ni 10, 8, 5, 4, 3. Juu pana, chini finyu. Huu ni mteremko mbinuko, unaoanza kwa kujivuta taratibu kileleni na kuanguka kwa kasi karibu na bonde. Kisha mto unakatiza kwenye milimita 86, kontua ya 1,280 inarudi kwenye 89, ya 1,300 kwenye 95, na B imekaa juu kabisa ya kontua ya 1,320 kwenye milimita 108.

Hapa kuna mtego. Kati ya milimita 84 na 89 tumekutana na 1,280 mara mbili mfululizo, bila kontua nyingine katikati. Kila mwaka darasani hutokea sauti: “Mwalimu, hapa katikati nichore nini?” Wasiouliza huchora mstari mnyoofu wa kulala, kana kwamba bonde lina sakafu ya saruji. Kontua mbili za namba moja zikifuatana, ardhi kati yake imepanda kidogo au imeshuka kidogo, bila kufika kontua inayofuata. Kujua ni lipi, tazama umbo. Kontua zinapokatiza bonde hujipinda kama herufi V, na ncha ya V huelekea upande wa juu, mto unakotoka. Kwenye mgongo wa kilima ncha huelekea upande wa chini. Hapa tumeuona mto wenyewe, basi ardhi imeshuka.

Imeshuka kiasi gani? Mto ni msaada mkubwa, kwa sababu unashuka taratibu na unazikata kontua moja baada ya nyingine. Fuata mto kuelekea juu, na milimita 14 kutoka mstari wetu utakuta unaikata kontua ya 1,280. Fuata kuelekea chini, na milimita 6 tu mbele unaikata ya 1,260. Jumla ni milimita 20 za mto kwa kushuka mita 20. Tulipo sisi ni milimita 6 juu ya 1,260, kwa hiyo kimo cha mto ni takriban mita 1,266. Hii ni kazi ile ile tuliyoifanya kwa nukta A, isipokuwa safari hii njia ya kukadiria haikuwa rula iliyonyooka, ilikuwa mto wenyewe pamoja na mapindo yake.

Sasa tuna kila tunachohitaji kuchora mkato, yaani mchoro unaoonyesha ardhi kama ingeonekana iwapo ingekatwa wima kutoka A hadi B na wewe ukasimama kando kuitazama.

Chukua ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka. Ulaze kwenye ramani, ukingo ukigusa A na B, na usiuachie uteleze. Tia alama ndogo kila ukingo unapokutana na kontua, mto au kitone cha kilele, na andika namba pale pale, si baadaye. Mahali ambapo kontua zimebanana, nafasi ya milimita 3 ni ndogo kwa kuandika. Hapo unaweza kuandika zile nzito na zilizo pembeni mwa kundi, mradi umehesabu kwa uangalifu ngapi zimo katikati.

Kwenye karatasi ya mchoro chora mstari wa mlalo wa milimita 108, sawasawa na ule wa ramani, na mihimili miwili ya wima kwenye ncha zake. Kisha amua skeli ya wima. Kimo chetu cha chini ni 1,248 na cha juu ni 1,393, kwa hiyo anza na 1,240 na uishie 1,400. Hakuna haja ya kuanza na sifuri. Ukianza na sifuri kwa skeli tutakayoitumia, utahitaji sentimita 31 za karatasi tupu chini ya mlima. Tupe kila mita 20 milimita 5, maana yake sentimita 1 ni mita 40. Mkato wote utakuwa na kimo cha sentimita 4, na utakaa vizuri kwenye ukurasa.

Laza ukanda kwenye mstari wa mlalo, na juu ya kila alama weka nukta kwenye kimo chake. Ziunganishe kwa mkono uliolegea, bila rula, kwa mchirizi laini. Kilele kiinuke kidogo juu ya 1,380 hadi 1,393 kisha kiteremke. Usikifanye sahani bapa. Bonde lizame hadi 1,266 na si chini yake. Mwisho andika majina ya A, B, kilele na mto, na skeli zote mbili.

Tazama sasa ulichochora. Sehemu ile ya 1,340 hadi 1,380 upande wa magharibi inapanda sentimita 1 ndani ya milimita 6. Ukiipima pembe yake kwa protrakta utapata digrii 59, kama paa la kanisa la zamani. Lakini tulikwisha kuhesabu kwamba mwinamo wake wa kweli ni 1:7.5, na hiyo ni pembe isiyofika digrii 8. Mkato umetudanganya?

Mkato umenyooshwa. Skeli ya mlalo ni 1:50,000, na ya wima ni sentimita 1 kwa mita 40, yaani 1:4,000. Gawa 50,000 kwa 4,000, unapata 12.5. Kila kimo kimekuzwa mara 12 na nusu kuliko umbali. Huko ndiko kukuza wima, na maswali mengi ya mtihani hutaka ukuhesabu. Hatukuzi kwa ujanja. Tungechora kwa skeli ya kweli, kilima chetu chote kutoka A hadi kileleni kingekuwa na kimo cha milimita 2.9 kwenye mkato wa karibu sentimita 11. Ungeona mstari uliovimba kidogo, basi. Kukuza kunafanya maumbo yaonekane, lakini kunaharibu pembe. Kwa hiyo usipime kamwe mteremko kwa protrakta juu ya mkato uliokuzwa. Rudi kwenye namba za ramani.

Lipo jambo moja ambalo mkato unalijibu vizuri licha ya kunyooshwa: nani anamwona nani. Kunyoosha kwa wima hakugeuzi mstari mnyoofu kuwa mpindo, wala hakuhamishi kilicho juu kikawa chini. Kwa hiyo mstari wa macho unaweza kuchorwa kwa rula moja kwa moja juu ya mkato. Mtu aliyesimama kileleni ataona mto? Weka rula kutoka 1,393 hadi 1,266. Rula inakatiza ndani ya mlima. Kwa hesabu, mstari wa macho unashuka mita 127 kwa milimita 41, na unapofika juu ya kontua ya 1,320, kwenye milimita 77, uko kwenye mita 1,294 hivi. Ardhi hapo iko mita 26 juu yake. Mto hauonekani. Hilo ndilo tabia ya mteremko mbinuko: tumbo lake linaficha miguu yake. Upande wa magharibi, ambako mteremko ni mbonyeo, mtu yule yule akigeuka ataiona A bila kizuizi.

Swali la mwisho ni gumu zaidi. Kutoka kileleni, B inaonekana? B iko mita 1,320, na rula kutoka kileleni hadi B inapita juu ya bonde bila shida. Penye utata ni karibu kabisa na kilele. Mstari wa macho unashuka mita 73 kwa milimita 63, na unapofika juu ya kontua ya 1,380, kwenye milimita 54, uko kwenye 1,382.6. Umeipita ardhi kwa mita 2.6 tu. Kwenye mkato wetu hizo ni kiasi cha nusu milimita na ushei, yaani karibu unene wa ile penseli iliyochakaa. Kisha kati ya kilele na kontua hiyo kuna milimita 9, yaani mita 450 za ardhi, ambazo hakuna mstari wowote unaozieleza. Kama mgongo umenyooka, B inaonekana. Kama kilele ni kipana na bapa kwa mita mia mbili za kwanza kabla hakijaanza kushuka, ukingo wa ubapa huo utaizuia, na kontua zingebaki vile vile bila kubadilika hata moja. Miti nayo haimo kwenye mkato, na mwembe mmoja wa mita 10 unatosha kulifunga jambo.

Katika mtihani, andika kwamba B inaonekana kwa mujibu wa mkato, kwa nafasi ndogo sana, na uonyeshe mstari wa macho kwenye mchoro. Lakini kama unatafuta mahali pa kusimika mnara wa mawasiliano unaopaswa kuonana na B, tafuta ramani ya skeli kubwa zaidi, ya 1:10,000 yenye kontua za mita 5, au panda kileleni ukaangalie.